Saketi na Pacha Wake: Kutatua Mara Moja, Kujibu Mara Mbili

Taa za mapambo za zamani, zile za kuning'iniza kwenye mti wa Krismasi, zilikuwa na ugonjwa unaojulikana: taa moja ikiungua, zote zinazimika. Zilifungwa kwa mfululizo, mkondo ukipita taa ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi ya mwisho, na njia hiyo moja ikikatika popote hakuna kinachopita. Taa za nyumbani hufungwa sambamba. Ya sebuleni ikiungua, ya jikoni inaendelea kuwaka. Hata hivyo, nazo zina ugonjwa wao. Nyaya mbili zikigusana ndani ya holda moja, yaani ikipigwa shoti, swichi ya kujikata inaanguka na taa zote za njia hiyo zinazimika kwa pamoja.

Yaweke magonjwa haya mawili ubavu kwa ubavu. Katika mfululizo, kifaa kimoja kikikatika vyote vinakufa, na kifaa kimoja kikipigwa shoti vingine vinaendelea, tena taa zilizobaki zinang'aa zaidi kidogo. Katika sambamba, kifaa kimoja kikipigwa shoti vyote vinakufa, na kimoja kikikatika vingine vinaendelea. Sentensi ya pili ni ile ya kwanza iliyobadilishwa maneno: "sambamba" imekaa mahali pa "mfululizo", na "shoti" na "kukatika" yamebadilishana nafasi. Ukweli haukuharibika. Kwa nini?

Jibu liko kwenye sheria mbili alizotoa Gustav Kirchhoff mwaka 1845, akiwa bado mwanafunzi huko Königsberg. Ya kwanza inahusu kifundo, mahali nyaya zinapokutana: mikondo yote inayoingia na kutoka hapo, ukiijumlisha na alama zake, ni sifuri. Ya pili inahusu kitanzi, yaani njia inayozunguka na kurudi ilipoanzia: volteji zote za kitanzi hicho, ukizijumlisha na alama zake, ni sifuri. Weka volteji mahali pa mkondo na kitanzi mahali pa kifundo, na sheria ya kwanza inageuka kuwa ya pili. Vifaa vyenyewe navyo vinafuata mkumbo huo. Volteji ya koili inategemea kasi ya kubadilika kwa mkondo wake. Mkondo wa kapasita unategemea kasi ya kubadilika kwa volteji yake. Rezista haibagui: ukinzani wake ukiutazama upande wa pili ni upitishaji, moja chini ya R.

Mwaka 1904 mhandisi Alexander Russell aliweka wazo hili kwenye maandishi yake kuhusu mikondo geu, na tangu hapo wahandisi wamelitumia kuepuka kazi ya kurudia. Ukishatatua saketi moja, umetatua na pacha wake pia. Hesabu ni ileile. Kinachobadilika ni majina ya vitu na vizio vyake. Mfululizo unakuwa sambamba, koili inakuwa kapasita na kapasita koili, chanzo cha volteji kinakuwa chanzo cha mkondo.

Kumchora pacha ni kazi ya dakika chache, na ni bora kuchora kuliko kukisia. Chora saketi yako kwenye karatasi bila waya kuvuka waya mwingine. Ndani ya kila dirisha la mchoro weka nukta moja, kisha weka nukta moja nje ya mchoro mzima. Nukta hizo ndizo vifundo vya saketi mpya. Sasa, kupitia kila kifaa, chora mstari unaounganisha nukta zilizo pande zake mbili, na kwenye mstari huo weka mwenzi wa kifaa ulichokivuka. Saketi ya mfululizo yenye chanzo, rezista, koili na kapasita ina dirisha moja tu, kwa hiyo nukta ni mbili: ya ndani na ya nje. Mistari minne inayovuka vifaa vinne yote inaanzia nukta moja na kuishia nyingine. Vifaa vinne kati ya vifundo viwili vilevile ndiyo maana ya sambamba.

Tuchukue tatizo kamili. Tuna chanzo cha volti 10, rezista ya omu 10, koili ya milihenri 10 na kapasita ya mikrofaradi 1, vyote kwa mfululizo, pamoja na swichi iliyo wazi. Kapasita haina chaji. Tunafunga swichi. Swali la fundi ni hili: volteji ya kapasita itapanda hadi ngapi? Anahitaji kujua ili achague kapasita inayohimili.

Mtu asiyezoea koili atasema volti 10, kwa kuwa ndizo chanzo kilizonazo. Mwishowe ni kweli, mambo yakitulia kapasita inabaki na volti 10. Lakini kabla ya kutulia inapitiliza. Kapasita inapofika volti 10 mkondo bado unapita kwenye koili, na koili haikubali mkondo wake ukatike ghafla. Inaendelea kuusukuma na kapasita inazidi kujaa. Ni namba mbili zinazoamua itapitiliza kiasi gani. Moja ni kasi ya kuyumba,

ω₀ = 1/√(LC) = 10,000 kwa sekunde

na ya pili ni kasi ya kufifia kwa huko kuyumba,

α = R/(2L) = 500 kwa sekunde

Kufifia ni kudogo sana ukilinganisha na kuyumba, kwa hiyo saketi itayumba mara nyingi kabla ya kutulia. Kilele cha kwanza kinafika baada ya nusu mzunguko, yaani milisekunde 0.31 hivi, na kwa muda huo kuyumba kumefifia hadi asilimia 85 ya ukubwa wake wa mwanzo. Kapasita inafika volti 10 na asilimia 85 juu yake: volti 18.5. Fundi aliyeweka kapasita ya volti 16 akidhani ana akiba ya volti 6 amekosea.

Tatizo hilo tumelimaliza. Sasa linakuja lingine linaloonekana geni. Chanzo cha mkondo kinalisha rezista, koili na kapasita zilizofungwa sambamba, na tunataka kujua mkondo wa koili utapanda hadi ngapi. Swali hili nalo lina maana karakanani. Koili yenye kiini cha chuma au feraiti ikipitishiwa mkondo kuliko inavyostahili, kiini chake kinashiba sumaku, uhenri wake unaporomoka na saketi haifanyi tena kazi iliyokusudiwa. Mwanafunzi mwenye subira ataandika sheria ya vifundo, atapata mlinganyo wa daraja la pili, atautatua upya ukurasa mzima. Hana haja. Mkondo wa koili kwenye sambamba ni mwenzi wa volteji ya kapasita kwenye mfululizo, na jibu la hiyo tunalo.

Kinachobaki ni kulinganisha vizio. Volti haziwezi kugeuka ampia hivihivi. Lazima tuchague kiwango cha kubadilishia, na kiwango hicho ni ukinzani. Vitabu vingi hutumia omu 1 bila kusema. Ukifanya hivyo, chanzo cha volti 10 kinakuwa chanzo cha ampia 10, koili ya milihenri 10 inakuwa kapasita ya mikrofaradi 10,000, kapasita inakuwa koili ya mikrohenri 1, na rezista ya omu 10 inakuwa omu 0.1. Hesabu hiyo haina kosa, ila saketi hiyo utaichora tu. Kuijenga mezani ni tabu na gharama. Naona ni hapa ambapo wanafunzi wengi huanza kudhani somo lote ni mchezo wa karatasi. Tumia kiwango kingine, tukiite R₀, na kanuni zinakuwa hivi:

C' = L/R₀²
L' = C × R₀²
R' = R₀²/R
I' = V/R₀

Kuna kiwango kimoja kizuri kupita vingine, nacho ni √(L/C) ya saketi uliyoanza nayo. Kwa namba zetu ni mzizi wa 0.01 gawanya kwa 0.000001, yaani omu 100. Weka 100 kwenye kanuni na tazama kinachotokea. Koili ya milihenri 10 inazaa kapasita ya mikrofaradi 1. Kapasita ya mikrofaradi 1 inazaa koili ya milihenri 10. Ni vifaa vilevile viwili ulivyonavyo mezani! Kinachobadilika ni rezista tu, kutoka omu 10 hadi omu 1,000, na chanzo, kutoka volti 10 hadi miliampia 100.

Sasa jibu. Kapasita ya kwanza ilifika volti 18.5. Gawanya kwa 100: koili ya saketi sambamba itafika miliampia 185, kwenye milisekunde ileile 0.31, kisha itatulia kwenye miliampia 100. Ukitaka kuhakiki bila kuamini pacha, kasi ya kufifia ya saketi sambamba ni 1/(2R'C'), yaani moja gawanya kwa 2 × 1,000 × 0.000001, sawa na 500. Ni ileile. Kasi ya kuyumba inategemea L na C peke yake, nayo haikuguswa. Koili iliyoandikwa miliampia 150 haifai, ingawa chanzo kinatoa 100 tu.

Makosa mengi huingilia kwenye swichi. Katika saketi ya kwanza swichi ilikuwa kwenye mfululizo na chanzo, ikiwa wazi, kisha ikafungwa. Mwenzi wake hukaa sambamba na chanzo, nayo huanza ikiwa imefungwa, kisha hufunguliwa. Kabla ya muda wa sifuri chanzo cha mkondo kimepigwa shoti makusudi, miliampia 100 zote zinazunguka kwenye swichi na vifaa vingine havina kitu. Ukiifungua, mkondo unaelekea kwenye vifaa. Aliyezoea kwamba kuwasha ni kufunga swichi ataiweka kwenye mfululizo na chanzo cha mkondo, na atakuwa ameandika jambo lisilowezekana, maana chanzo cha mkondo kilichoachwa wazi hakina pa kuupitisha mkondo wake. Hali za mwanzo nazo zina wenzi: kapasita isiyo na volteji inalingana na koili isiyo na mkondo, na koili isiyo na mkondo inalingana na kapasita isiyo na volteji. Ukisahau kubadilisha hizi, umbo la jibu litakuwa sahihi na namba zitakuwa za uongo.

Kosa la pili ni kuweka chanzo cha volteji kwenye saketi sambamba kwa sababu ndicho kilichopo. Hili linajitangaza lenyewe kwenye oskiloskopu: volteji ya saketi haiyumbi kabisa, imesimama palepale chanzo kilipoiweka. Chanzo cha mkondo kinapatikana kwa bei ndogo. IC ya LM317 hushikilia volti 1.25 kati ya pini zake mbili, kwa hiyo rezista ya omu 12.5 kati ya pini hizo inaifanya itoe miliampia 100. Iache na volteji ya kutosha nyuma yake, kwa sababu volteji ya saketi sambamba itapanda hadi karibu volti 9.3. Namba hiyo pia sikuitafuta upya: mkondo wa saketi ya mfululizo hufika kilele cha miliampia 93 hivi, nami nimeuzidisha kwa 100.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba koili ni koili tupu. Koili halisi ni waya mrefu, na waya una ukinzani. Katika saketi ya mfululizo hilo halisumbui: ukinzani wa waya unajumlishwa na rezista, na yote ni mfululizo. Tuseme koili yetu ya milihenri 10 ina omu 10 ndani yake. Kwenye mfululizo unaacha kuweka rezista, kwa kuwa ya koili inatosha, na hesabu inabaki palepale. Ukiipeleka koili hiyohiyo kwenye saketi sambamba, hizo omu 10 zinakwenda nayo ndani ya tawi lake, mahali ambapo mchoro wa pacha haukuweka kitu. Pacha halisi wa koili yenye ukinzani wa waya ni kapasita inayovujisha, siyo koili nyingine yenye kasoro ileile.

Madhara yanapimika. Ukijenga saketi sambamba na rezista ya omu 1,000 kama kanuni ilivyosema, lakini kwa koili hii ya omu 10, kasi ya kufifia inakuwa 1,000 badala ya 500. Kilele cha mkondo wa koili kinashuka kutoka miliampia 185 hadi 171. Ukipata 171 mezani usiilaumu hesabu. Umehesabu hasara mara moja na kuijenga mara mbili. Toa rezista ya omu 1,000, iache koili na ukinzani wake, na mkondo wa koili unarudi kwenye 185 kamili.

Lakini usishangilie mapema. Pima volteji ya saketi baada ya kutulia. Pacha anasema lazima iwe sifuri, kwa kuwa katika saketi ya mfululizo mkondo unaisha kabisa kapasita ikishajaa. Wewe utakuta volti 1, ambayo ni miliampia 100 zikipita kwenye omu 10 za waya. Volti hiyo moja ndiyo alama kwamba ulichojenga kinafanana na pacha wakati kikiyumba tu, na kwamba mambo yakitulia hizo omu 10 za mfululizo hazifanyi kazi ya omu 1,000 za sambamba.

Si kila saketi ina pacha. Njia ya nukta inadai mchoro usio na waya unaovuka mwenzake, na ziko saketi zisizochoreka hivyo hata uzipinde vipi. Chukua vifundo vitano na uunganishe kila kimoja na kila kingine kwa kifaa: lazima mahali fulani mistari ivukane. Mwanahisabati Kazimierz Kuratowski alionyesha mwaka 1930 maumbo yanayozuia mchoro kulala bapa, na muda mfupi baadaye Hassler Whitney alithibitisha kwamba mchoro usiolala bapa hauna pacha. Koili mbili zinazoambukizana sumaku nazo zinaleta ugumu, maana hakuna kapasita mbili za dukani zinazoambukizana kwa namna hiyo. Kwa kazi za kawaida vizuizi hivi ni vya mbali. Daraja la Wheatstone, kwa mfano, linalala bapa vizuri, na ukimchora pacha wake unapata daraja jingine.

Kwa mafundi wa umeme mkubwa jambo hili lina uzito kuliko la miliampia. Kwenye mitambo ya kupimia ya laini kubwa kuna transfoma za aina mbili. Ya volteji hushusha volteji ya laini hadi kiwango kinachofaa mita, na upande wake wa pili ni kama chanzo cha volteji: ukiupiga shoti, mkondo hauna mpaka na transfoma inaungua. Ya mkondo hushusha mkondo wa laini, na upande wake wa pili ni kama chanzo cha mkondo. Badilisha maneno kama tulivyofanya na zile taa: ukiuacha wazi laini ikiwa inapitisha mkondo, volteji ndiyo inayopanda, na kwa transfoma kubwa inaweza kufika maelfu ya volti, ya kutosha kutoboa insulesheni na kumuua aliyeshika waya. Fundi anayetaka kuondoa mita hapo hupiga shoti kwanza, kisha ndipo afungue. Kwa sababu hiyohiyo upande wa pili wa transfoma ya volteji huwekewa fyuzi, na wa transfoma ya mkondo hauwekewi kamwe.